Kampuni za bima zinakata fidia mara mbili kwa hasara moja, na watu wanasaini tu!

Fundi_Madai:
Wakuu, huu mchezo umezidi. Nyumba imeungua jiko na sehemu ya paa. Mwenye nyumba ametoa taarifa kwa maandishi kesho yake, amejaza fomu ya madai, ana ripoti ya zimamoto, ana picha, ana mchanganuo wa gharama kutoka kwa mkandarasi. Kampuni haikatai kulipa. Inaandika barua ya heshima yenye hesabu ya mistari minne, na zaidi ya nusu ya fidia inayeyuka humo humo.

Tazameni hesabu zinavyokuja. Nyumba ilikatiwa bima ya milioni 6. Kukarabati kilichoungua kwa vifaa vipya ni milioni 3. Wanatoa asilimia 20 ya uchakavu, zinabaki 2.4. Halafu wanasema nyumba ina thamani ya milioni 10, wewe ulikata bima ya 6 tu, kwa hiyo unalipwa asilimia 60 ya hiyo 2.4, yaani 1.44. Wanaondoa eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, laki moja. Unabaki na milioni 1.34, na chini kuna sehemu ya kusaini.

Huo ni uonevu, na uko wazi kwenye karatasi yao wenyewe. Hasara wameihesabu kama ya nyumba kuukuu, thamani ya jengo wameihesabu kama ya nyumba mpya. Ukichagua kipimo, kitumie pande zote mbili! Na hiyo milioni 10 imetoka wapi? Omba ripoti ya mtathmini hasara uisome mstari kwa mstari. Kwenye dai hili milioni 2.5 kati ya hizo ni kiwanja. Kiwanja hakiungui na hakikukatiwa bima.

Kulijenga upya jengo lenyewe ni milioni 7.5. Ukihesabu kwa upya, 6 kwa 7.5 ni asilimia 80, na asilimia 80 ya milioni 3 ni 2.4. Ukihesabu kwa uchakavu wao wa asilimia 20, jengo lina thamani ya milioni 6, sawasawa na bima iliyokatwa, kwa hiyo hakuna punguzo tena na hasara inabaki 2.4. Njia zote mbili zinafika palepale. Wao wamefika 1.44 kwa kuchanganya njia na kuingiza kiwanja. Karibu milioni nzima imepotelea hapo, na mtu anaambiwa ashukuru!

Dada_Wino:
Mkuu, mbona unajisumbua? Alete bei ya soko. Kama nyumba ingeuzwa milioni 6 basi bima imekamilika. Na hasara ni 3, bima ni 6, walipe zote 3. Hasara haijazidi kiwango.

Fundi_Madai:
Dada, hapana. Bei ya soko ina kiwanja ndani yake, ina barabara, ina mtaa. Bima ya jengo huangalia gharama ya kulijenga tena. Nyumba inaweza kuuzwa bei ya chini na kuijenga upya kukawa ghali, na kinyume chake pia.

Na hilo la "hasara haijazidi kiwango" ndilo linalowaangusha wengi. Kipengele cha wastani kimewekwa kwa ajili ya hasara ya sehemu kama hii: ukikata bima pungufu, unabeba sehemu ya kila hasara, hata ndogo. Ila uko sahihi kwa kiasi. Mikataba mingine ya kujenga upya inasema kipengele hicho hakitumiki mpaka bima iwe chini ya asilimia 85 ya thamani. Hapa ni 80, kwa hiyo nafuu hiyo haitamsaidia. Aliyekata bima akafikisha 87 akakatwa, agome.

Kisu_Kikali:
Gari langu liligongwa nyuma, kampuni inataka kunilipa thamani ya soko na kuchukua mabaki, mimi nataka litengenezwe. Hii wastani inanihusu?

Mzee_wa_Vipimo:
Kijana, hapana, hiyo ni habari nyingine. Kwako swali ni kama gharama ya matengenezo inakaribia thamani ya gari kabla ya ajali. Fungulia uzi wake, weka makadirio ya gereji na thamani iliyoandikwa kwenye hati.

Nirudi kwa mada. Fundi yuko sahihi, ila nisahihishe hasira yake kidogo. Mara nyingi si hila. Mtathmini hasara anapewa ripoti ya zamani ya uthamini iliyotengenezwa kwa ajili ya mkopo, anachukua jumla iliyoandikwa mwisho wa ripoti bila kutazama kwamba ardhi iko kwenye jumla hiyo. Kosa ni kosa, lakini ukimwonyesha mstari wenyewe anarekebisha haraka kuliko ukimwita mwizi.

Namna ya kupinga ni hii. Andika barua moja fupi. Taja namba ya dai, sema unakubali kwamba tukio linafidiwa ila unapinga kiasi. Omba vitu vitatu: ripoti kamili ya mtathmini, msingi wa ile milioni 10, na kipengele cha mkataba kinachoruhusu kukata uchakavu. Kama mkataba ni wa kujenga upya, mara nyingi uchakavu hauna nafasi ukishajenga kweli, lakini soma masharti: mengi yanataka ujenzi uanze ndani ya muda fulani.

Ambatanisha hesabu ya mkadiriaji majenzi wako: ukubwa wa jengo kwa mita za mraba, gharama ya kila mita kwa tarehe ya moto, si tarehe ya kukata bima. Hapo ndipo watu wanajichongea, wanaleta bei za miaka iliyopita na zinatupwa. Na mbao zilizoungua zisitupwe mpaka mtathmini aandike kwamba amezikagua. Funika paa kwa turubai, tunza risiti ya turubai, basi.

Dada_Wino:
Sawa, nimekuelewa kuhusu kiwanja. Lakini mtu hana pa kulala, si asaini achukue hiyo 1.34 halafu adai iliyobaki?

Mzee_wa_Vipimo:
Asisaini hiyo dischaji vocha, yaani karatasi ya kukubali malipo, kama imeandikwa "malipo kamili na ya mwisho". Akisaini, kudai tena ni vigumu mno. Aombe kwa maandishi alipwe 1.34 kama malipo ya sehemu, kwa sababu kiasi hicho pande zote hazikibishanii. Kampuni nyingi hukubali ukiomba hivyo.

Na aangalie saa. Mikataba mingi ina muda wa kufungua shauri au kupeleka mgogoro kwa msuluhishi baada ya barua ya kukataa, mara nyingi miezi 12, mingine ni mifupi zaidi. Kuandikiana barua na ofisi ya malalamiko ya kampuni peke yake hakusimamishi muda huo. Ofisi hiyo ikishatoa jibu la mwisho, au ikikaa kimya kupita muda wake, apeleke kwa mamlaka ya usimamizi wa bima au mpatanishi wa migogoro ya bima.

Fundi_Madai:
Eksesi je? Wao wanaiondoa mwisho: 2.4 kutoa laki ni 2.3. Mimi naiondoa kwenye hasara kwanza: 2.9 mara asilimia 80 ni 2.32.

Mzee_wa_Vipimo:
Wengi huiondoa mwisho, na mikataba mingi imeandikwa hivyo. Kama wake uko kimya, dai njia yako, utata wa maneno husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Lakini sitakuhakikishia kwamba utashinda hiyo elfu 20.

Kisu_Kikali:
Na gharama ya kuondoa kifusi, imo kwenye ile milioni 3 au iko pembeni?