Tovuti iliyomuuzia mama prednisolone bila kuuliza swali hata moja

Nina hasira, wacha niseme. Mama yangu ana sukari na magoti yanamsumbua. Jirani akamsifia prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe ambayo hupandisha sukari, naye akaagiza usiku kwenye tovuti moja: tembe 60 za miligramu 5. Akalipa kwa Mpesa, bodaboda akafika Umoja kabla ya saa nzima. Hakuna aliyemwitisha karatasi ya daktari wala kumuuliza anameza dawa gani nyingine. Akawa anameza sita kila asubuhi kama jirani alivyomwambia. Siku ya kumi zikaisha, na mama anakunywa maji usiku kucha. Tulipopima, sukari ilikuwa 23!

Chini ya tovuti kuna nembo ya Bodi ya Famasia na Sumu na nambari ya leseni. Hiyo nembo inamaanisha nini basi?

Baba Njeri: Pole kwa mama. Mimi huangalia ile kufuli karibu na anwani. Ikiwepo, tovuti ni halali.

Mfamasia wa Eastleigh: Baba Njeri, kufuli inalinda tu unachoandika kisisomwe njiani. Hata tapeli anayo. Nembo nayo ni picha, mtu yeyote anaibandika. Leseni hupewa duka lenye mlango, chini ya mtaalamu anayejulikana kwa jina, na inafanywa upya kila mwaka. Kwa hivyo ichukue nambari hiyo uitafute kwa Bodi yenyewe, pharmacyboardkenya.org, usibonyeze kiungo cha muuzaji. Kisha linganisha jina la duka, mahali lilipo na mwaka.

Nimeitafuta sasa hivi. Nambari ipo kweli, lakini ni ya kemisti ya Kisumu yenye jina lingine kabisa! Na pesa za Mpesa zilienda kwa jina la mtu binafsi.

Mfamasia wa Eastleigh: Basi wameiazima. Piga simu Kisumu uwaulize kama wanaijua tovuti hiyo, halafu uwaripoti kwa Bodi. Weka risiti na pakiti.

Shangazi Rose: Mimi insulini yangu ililetwa ndani ya mfuko wa karatasi, jua la saa saba. Niliikataa. Mnajua wapi ni bei nafuu?

Otis: Kemisti ya hapa mtaani ina leseni ukutani na bado inauza antibiotiki kwa yeyote. Leseni itasaidia nini?

Mfamasia wa Eastleigh: Kweli, Otis. Leseni inakuonyesha wa kumshika, haimfanyi mtu mwaminifu. Ndiyo maana mimi huijaribu tovuti kwa kuweka prednisolone kwenye kikapu chake. Nikifika kwenye malipo bila kuombwa karatasi ya daktari, na bila mfamasia kunipigia, natoka.

Otis: Na wanaokubali picha ya karatasi kwa wasap? Binamu yangu ametumia picha moja kwa maduka matatu.

Mfamasia wa Eastleigh: Hapo sina jibu. Mimi humpigia daktari aliyeandika, lakini wengine hawashiki simu.

Kisumu wameshika simu. Wanasema hawajawahi kuwa na tovuti.