Kampuni ya kuria imekutajia bei moja, bili ikaja nyingine: tupeane uzoefu wa "uzito wa ujazo"

MamaVikapu_Kla
Wenzangu mnaotuma mizigo nje kutoka Kampala, naomba tupeane uzoefu maana mimi yamenikuta. Nauza vikapu vya ukindu na nyuzi za mgomba, mteja wa London akaagiza 18, nikapima kwenye mzani wa dukani nikapata kilo 7 na boksi lake, nikapiga simu kwa kuria wakauliza kilo ngapi nikasema 7, wakanipa bei, nami nikamtoza mteja hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili, mzigo umeshafika, naletewa bili ya nyongeza, wameandika kilo 24! Nikadhani wamechanganya na mzigo wa mtu mwingine. Kumbe wamepima boksi, sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Faida yote ya vikapu ikaishia hapo na nikaongeza yangu mfukoni.

Boksi_Dogo
Pole dada ila hawajachanganya. Zidisha 60 mara 50 mara 40 unapata 120,000, gawanya kwa 5000, ndiyo hiyo 24, wanauita uzito wa ujazo. Wanalinganisha na kilo za mzani, ile kubwa ndiyo unalipa, kwa sababu ndege inajaa nafasi kabla ya kujaa uzito. Aliyepokea simu alikupa bei ya kilo 7 kwa sababu ndicho ulichomwambia, hakuuliza boksi. Alipaswa kuuliza, hapo hata mimi nakuunga mkono. Siku hizi sipigi simu kabla sijafunga boksi na kupima kwa futi.

Kaka_wa_Mbale
Hao wezi tu. Mimi natuma Kampala–Mbale kwa basi, kondakta anaangalia kwa macho, mnapatana, yameisha. Hakuna cha kugawanya.

MamaVikapu_Kla
Kaka basi haliendi London 😅

Jjaja_Mzigo
Dawa ni kugawa mzigo mara mbili, boksi dogo dogo hawakamati.

Boksi_Dogo
Hapana mzee. Ukikata lile boksi katikati unapata mawili ya 60 kwa 50 kwa 20, kila moja kilo 12, jumla 24 ile ile, na ukizituma kama shipimenti mbili unalipa ya kuanzia mara mbili. Kinachosaidia ni kuondoa hewa. Dada vikapu vyako vilikuwa saizi moja vyote?

MamaVikapu_Kla
Ndiyo, vyote saizi kubwa, nilivipanga kimoja kimoja na magazeti katikati.

Boksi_Dogo
Basi hewa ilikuwa ndani ya vikapu. Mimi nawaambia wasukaji wanisukie kwa seti, kubwa, ya kati na ndogo, ndogo inaingia ndani ya kati, kati ndani ya kubwa. Vikapu 18 vinakuwa seti 6, napanga minara, navifunga kwa kamba. Mzigo wa mwezi jana ulikaa kwenye boksi la 42 kwa 42 kwa 34, hiyo inatoka kilo 12 na mzani ulisema 7 kama wako. Kwa hiyo bado nalipia hewa lakini nusu ya yako. Halafu angalia kifuniko, nilijaza kupita kiasi kikatuna katikati, mashine yao inapima pale palipotuna, 34 ikawa 36 nikalipishwa kilo 13.

Lubugo_Masaka
Mimi nauza lubugo, kitambaa cha gome la mti, nazungusha natia kwenye bomba la katoni. Nilifikiri duara litapimwa kama duara, wapi! Wanalipima kama boksi, upana wa 15 mara 15 mara urefu 100, kilo 4 na nusu, na kitambaa chenyewe hakifiki kilo 2. Sasa naikunja bapa kwa wateja wanaokubali mikunjo, wengine wanakataa.

Jjaja_Mzigo
Lakini wakala wangu wa Entebbe anagawanya kwa 6000, siyo 5000.

Boksi_Dogo
Hapo uko sawa, kago ya ndege kwa wakala mara nyingi ni 6000, la dada lingekuwa kilo 20. Ila mteja anaifuata mwenyewe uwanja wa ndege na kushughulika na forodha, na kuna kiwango cha chini cha malipo, kwa boksi moja sioni kama inalipa.

MamaVikapu_Kla
Na kupinga bili inawezekana?

Lubugo_Masaka
Mimi nilishinda mara moja, waliandika urefu 120. Nilikuwa na picha, boksi limefungwa, futi imewekwa kila upande na karatasi ya namba ya mzigo inaonekana. Walirudisha baada ya mwezi mzima. Bila picha, mara ya pili, walinijibu mashine haikosei.

MamaVikapu_Kla
Picha sina. Nimemwandikia mteja kama atachangia nusu, hajajibu, blutiki naziona.