Hisa imegawanywa tatu kwa moja: indeksi ni 120 au 123?

MwanaNakuru
Wadau hamjambo. Kundi letu la kusoma hapa Nakuru limegawanyika kwa swali hili.

Indeksi ya bei ina hisa tatu: A shilingi 300, B 40, C 20. Jumla 360, kigawanyo 3, kwa hivyo indeksi ni 120. Jioni soko likifungwa, kampuni A inagawanya hisa, kila moja inakuwa tatu. Kesho yake A inafunga kwa 104, B na C hazijasonga. Mwenzangu anachukua 164, anagawa kwa 120, anapata kigawanyo 1.3667. Akikitumia, indeksi inabaki 120. Mimi napata 123. Nani yuko sawa?

MzeeWaKondele
Kijana, jihadhari na hayo mambo. Kuna benki niliyokuwa na hisa zake 100, ikagawanya kumi kwa moja. Nikaangalia kwa simu, bei imeshuka hadi sehemu ya kumi na hisa bado ni zile 100. Nusura nipige wakala wangu makelele.

Hesabu_Kakamega
Mzee, hiyo ni kumbukumbu ya akaunti kuchelewa, si indeksi. MwanaNakuru, usisumbuke. Kigawanyo kinarekebishwa ili mgawanyo usiathiri indeksi. Kwa hivyo 120. Na baada ya hapo kila kitu kinaendelea kama zamani, ni kama hakuna kilichotokea.

KaraniWaSoko
Hapana, Hesabu. Kwamba kigawanyo kinarekebishwa ni sawa, ila hiyo 120 na hilo la "kama zamani" ndiyo yanayopoteza watu.

Kigawanyo kipya hutafutwa kabla soko halijafunguliwa, kwa bei za jana. A ilifunga 300, ukiigawa kwa tatu ni 100. Jumla mpya ni 100 + 40 + 20 = 160. Lazima indeksi ibaki 120, kwa hivyo:

```
kigawanyo = 160 / 120 = 1.3333
indeksi   = 164 / 1.3333 = 123
```

Ile 104 haina kazi katika kutafuta kigawanyo. A imepanda kutoka 100 hadi 104 kwa biashara ya siku hiyo, na mwenye hisa amepata faida halisi. Mwenzako ameichukua faida hiyo akaizika ndani ya kigawanyo. Dalili yake ni hii: kwa njia yake, hata A ingefunga 90, indeksi ingebaki 120.

Sasa hilo la "kama zamani". Kabla ya mgawanyo, A ikipanda asilimia 10 inaongeza shilingi 30, na 390 kwa 3 ni 130. Baada ya mgawanyo, asilimia 10 ile ile ni shilingi 10 tu: 170 kwa 1.3333 ni 127.5. Kampuni ni ile ile, habari njema ni ile ile, lakini sauti yake imepungua na ya B na C imekua. Kigawanyo hulinda kiwango cha siku ile, hakilindi uzito wa siku zijazo.

Apple ilipogawanya hisa nne kwa moja, 31 Agosti 2020, uzito wake ndani ya Dow Jones, inayojumlisha bei kama hii yetu, ulishuka sana. Kwenye S&P 500, inayopima kwa thamani ya kampuni, uzito wa Apple haukuguswa na mgawanyo huo.

DadaWaBungoma
Kwa hivyo ile ya thamani haibadilishi kigawanyo kamwe?

KaraniWaSoko
Kwa mgawanyo wa hisa, haibadilishi, dada. Tuseme A ina hisa milioni 10 za shilingi 300. Baada ya mgawanyo ni milioni 30 za shilingi 100. Zote mbili ni shilingi bilioni 3. Lakini kampuni ikiuza hisa mpya na kukusanya pesa, thamani inaongezeka bila bei kupanda, na hapo kigawanyo lazima kiguswe.

Hesabu_Kakamega
Sawa, hilo la uzito nimekubali. Lakini hapa kwetu NASI ni ya thamani, ndiyo maana Safaricom ikikohoa inatikisika yote. Sasa NSE 20 inayohesabu bei, mgawanyo unapunguza uzito vile vile?

KaraniWaSoko
Inategemea bei zinaunganishwaje. Hesabu yangu ni ya kujumlisha. Ukizidisha bei na kutafuta kipeuo, asilimia 10 ya A inasukuma sawa kabla na baada. Soma kanuni ya indeksi yenyewe kwanza, usiamini jina lake.

MwanaNakuru
Asante mkuu. Mwenzangu bado anashikilia kwamba swali lilisema "bei ya kufunga baada ya mgawanyo", eti ndiyo 104.

MzeeWaKondele
Na zile hisa zangu, niulize wakala ama niende kwa wenye akaunti ya CDS?