SG au NACL kwa sabneti ya databesi? Majibu ya Postgres hayarudi

Mgeni_wa_Wingu
Wakuu, habari za jioni. Nina VPC moja AWS. Seva ya wavuti iko sabneti 10.0.1.0/24, Postgres iko 10.0.2.0/24, zote Linux. Mpaka wiki jana nilitegemea SG peke yake: SG ya databesi inaruhusu 5432 kutoka SG ya seva ya wavuti, basi. Mkaguzi akataka tuweke na NACL. Nikaunda mpya kwenye sabneti ya databesi. Kuingia nimeruhusu 5432 kutoka 10.0.1.0/24, kutoka nimeruhusu 5432 kwenda 10.0.1.0/24. Tangu hapo programu inaning'inia mpaka muda unaisha. Nimekosea wapi? Na kati ya hizi mbili ipi inafaa hasa, maana nimeandika kanuni zilezile, moja inapitisha, nyingine inakaba.

PotiWazi
Angalia `listen_addresses` ya Postgres, mara nyingi iko localhost. Na `pg_hba.conf` pia.

Mgeni_wa_Wingu
Hapana mkuu, nikirudisha NACL ya mwanzo tu inafanya kazi palepale.

BibiPakiti
Basi Postgres haina kosa. Hata hivyo, ingekuwa haisikilizi ungeambiwa `Connection refused` papo hapo. Kuning'inia maana yake kuna mtu anatupa pakiti kimyakimya.

Ifuate pakiti moja tu. Seva ya wavuti inapopiga hodi, kernel inaipa poti ya muda, tuseme 41822, na pakiti inakwenda 5432. Inaingia vizuri. Postgres inajibu, na jibu linatoka 5432 kwenda 41822. Sasa, poti unayoandika kwenye kanuni ya NACL ni ya kule pakiti inakokwenda, si ilikotoka. Kanuni yako ya kutoka inaruhusu pakiti ziende poti 5432 ya seva ya wavuti, na huko hakuna hata anayesikiliza. Jibu halikuti kanuni inayolihusu, linaangukia ile ya nyota mwishoni, linazuiwa.

SG haikukusumbua kwa sababu ina kumbukumbu. Ikishapitisha pakiti ya kwanza, inajua mazungumzo hayo ni ya nani na nani, na jibu linapita hata ukifuta kanuni zote za kutoka. Kwa NACL kila pakiti ni mgeni, hata aliyetoka kuingia dakika hiyohiyo anaulizwa upya. Na NACL ya mwanzo ilikuwa kimya kwa sababu inaruhusu kila kitu pande zote mbili, ilhali ukiunda yako inaanza kwa kukataa kila kitu.

Ukitaka kuona kwa macho, washa flow logs kwenye kadi ya mtandao ya databesi. Nikichukua sehemu chache tu (kutoka, kwenda, poti mbili, uamuzi) utakuta hivi:

```
10.0.1.25 10.0.2.40 41822 5432 ACCEPT
10.0.2.40 10.0.1.25 5432 41822 REJECT
```

Ombi limekubaliwa, jibu lake limekataliwa. SG haiwezi kukufanyia hivyo kwa muunganisho iliokwisha kuupokea, kwa hiyo ukiona jozi kama hii nenda moja kwa moja kwenye NACL.

Kaka_Seva
Bibi kasema kweli. Fungua kutoka 49152–65535 kwenda 10.0.1.0/24, hizo ndizo poti za muda, umemaliza. Mimi nimeweka hivyo miaka yote.

Mgeni_wa_Wingu
Nimeweka ya kaka. Jana usiku ilikuwa inakubali na kukataa bila mpangilio. Leo asubuhi programu ilionekana imepona, lakini nikijaribu `psql` mwenyewe mara kumi, mara nyingine inaingia na mara nyingine inaning'inia. Hii ni mbaya kuliko mwanzo!

BibiPakiti
Kaka, wewe mashine zako ni za Windows, au siyo? 49152–65535 ni za huko. Linux kwa kawaida inachukua 32768 hadi 60999. Mgeni, hakikisha kwenye seva ya wavuti, maana ndiyo inayochagua poti:

```
cat /proc/sys/net/ipv4/ip_local_port_range
```

Ukipata hizo namba, piga hesabu. Poti zote ni 28232. Zinazoangukia ndani ya mlango uliofungua, 49152 hadi 60999, ni 11848. Yaani karibu nne kati ya kila kumi ndizo zinapita, sita zinaning'inia. Programu ilionekana imepona kwa sababu inaweka miunganisho wazi na kuitumia tena: iliyobahatika kupata poti nzuri imebaki, na hakuna aliyeona zilizokufa. Ikiwashwa upya utarudi palepale.

Fungua 32768–60999. Siku ukiweka Lambda upande ule itabidi 1024–65535.

Kaka_Seva
Kweli, zangu ni Windows. Sikuwahi kufikiria kwamba zinatofautiana 😅

Salma_Azure
Samahani, mbona kwangu sijawahi kuweka kanuni ya kurudi hata mara moja, na naifunga NSG kwenye sabneti kabisa?

BibiPakiti
Dada Salma, NSG ya Azure ina kumbukumbu hata ukiifunga kwenye sabneti. Inakaa mahali pa NACL ila ina tabia ya SG. Usihamishe mazoea yako AWS.

Jembe_la_Neti
Mimi nasema waziwazi: achaneni na NACL, iacheni ya mwanzo. Kanuni 20 tu kila upande ukiwa hujaomba nyongeza, inasomwa kwa namba na ya kwanza kulingana ndiyo inayoshinda, na mashine mbili zilizo sabneti moja wala haiziangalii. SG kutaja SG nyingine ni kinga bora zaidi. Anwani ya seva ikibadilika hujali.

Fundi_Mbwana
Kuna siku utaihitaji, Jembe. SG haina "kataa". Kuna anwani moja ilikuwa inatugonga usiku kucha, nikaizuia kwa NACL, kanuni namba 90 juu ya ile ya 100. Haikusaidia! Kumbe mbele kuna lodi balansa ya aina ya ALB, na sabneti ya seva inaona anwani ya balansa tu. Nilipohamishia kanuni kwenye sabneti ya balansa ndipo kukatulia.

BibiPakiti
Na jingine: ukifuta kanuni ya SG, muunganisho ambao tayari inaukumbuka unaweza kuendelea kama kawaida. NACL inakata hapohapo. Mvamizi akiwa ndani, hiyo si tofauti ndogo. Kwa hiyo sikubaliani na "achaneni nayo", ila nakubali kwamba SG ndiyo ibebe mzigo wa kila siku.

Jembe_la_Neti
Sawa, kwa dharura. Lakini NACL ya kudumu kwenye sabneti ya databesi, yenye poti elfu ishirini na nane zimefunguliwa kutoka, mkaguzi amepata nini?

BibiPakiti
Zimefunguliwa kwenda 10.0.1.0/24 pekee, si duniani. Siku mtu akikosea SG ya databesi akaweka 0.0.0.0/0, sabneti bado inakaba.

Jembe_la_Neti
Databesi haifikiki kutoka intaneti, hiyo 0.0.0.0/0 itaingilia wapi?

Mgeni_wa_Wingu
Nimefungua 32768–60999, `psql` mara hamsini mfululizo, zote zimeingia. Asanteni sana. Ila sasa `dnf update` ya seva ya databesi inaning'inia kupitia NAT. Nadhani najua kwa nini: kutoka 443 hakuna, na majibu yake kuingia hakuna. Je, kuingia niruhusu poti za muda kutoka 0.0.0.0/0? Mkaguzi akiona hiyo atanielewa kweli?