Duka la Unguja limeniuzia feni juu ya feni na bado hazizunguki!

KarafuuKavu (mwenye uzi)

Leo sianzi na salamu, nisameheni. Nina hasira.

Mie niko Wete, nahariri video za harusi. Nimenunua kompyuta ya mezani iliyotumika kutoka duka moja la Unguja, nikashuka nayo Mkoani na boti, tena gari mpaka huku. Kesi ina feni tatu, mbili mbele na moja nyuma. Kabla sijalipa walinirushia video kwenye simu, zote zinazunguka. Nimefika nyumbani, ya nyuma inavuma mpaka jirani anauliza, za mbele kimya. Nikiwasha zinatikisika kidogo, kama mtu aliyeamshwa alfajiri akageukia upande wa pili. Basi.

Nikapiga simu dukani. Fundi: "Feni zimekufa, hiyo misukosuko ya safari." Nikanunua mbili mpya kwake hapo hapo, 40,000 na nauli ya mzigo juu yake. Nimechomeka, vile vile! Nikapiga tena. Sasa eti mazabodi imekufa upande wa feni, niirudishe mashine na nilipie matengenezo. Yaani boti imeua feni, halafu ikaua bodi. Mie nilikuwamo humo humo, mbona mzima?

Nikaamua kujaribu mwenyewe. Feni ya nyuma nikaitia pale pa mbele, pameandikwa CHA_FAN1: imegoma. Feni ya mbele nikaitia CHA_FAN2: imevuma. Kwa hiyo feni zote nzima, nimelipishwa bure! Plagi zao zina matundu matatu, bodi ina pini nne. Huku joto la kaskazi, nikitoa video prosesa inafika nyuzi 94, na kazi ya saa moja inakwenda mbili. Harusi za kabla ya Ramadhani zimenijaa, watu wananipigia kila siku.

Na juu ya yote, kila asubuhi nikiwasha swichi ya ukutani tarehe imerudi 2019, kurasa za mtandao zinakataa kufunguka mpaka nirekebishe saa. Nimeuziwa mkweche.

DogoChake

Kosa lako mwenyewe kaka. Pini tatu na pini nne haziendani. Tafuta feni za pini nne, habari imekwisha.

KarafuuKavu

Haziendani vipi na zimeingia bila kulazimisha? Na moja inazunguka!

WayaMwekundu

Zinaendana. Ule ulimi wa plastiki kwenye bodi umekaa nyuma ya pini tatu za mwanzo, ya nne inabaki wazi. Hiyo ya nne ni ya amri ya spidi tu, haipitishi umeme wa kuzungusha. Feni ya waya tatu haina cha kupokelea amri hiyo, kwa hiyo bodi ikitaka kuipunguza mwendo haina njia ila kuipunguzia volti. Hapo ndipo ninapopatilia shaka.

Ndugu yangu Karafuu, usirudishe kitu bado. Ingia BIOS, fungua ukurasa wa feni, utuandikie zile mbili zimewekwaje, neno kwa neno. Halafu mashine ikiwa imewaka, sukuma panga la feni ya mbele kwa kalamu ya plastiki, si kidole, utuambie linafanyaje.

MamaStudio

Na mie laptopu yangu inavuma sana nikiiweka kitandani. Hiyo ni pini tatu au nne?

WayaMwekundu

Dada, hiyo ni shuka imeziba matundu. Iweke mezani kwanza. Ikiendelea fungua uzi wako, humu tutachanganyikiwa.

KarafuuKavu

Nimerudi. Nikiisukuma inajikokota mizunguko michache kisha inasimama. BIOS inasema hivi:

```
CHA_FAN1
  Control Mode: DC
  Source: MotherBoard
  Min Duty: 20%
CHA_FAN2
  Control Mode: PWM
```

Zile mbili za mbele ziko pamoja kwenye CHA_FAN1, kwa waya wa kugawa.

WayaMwekundu

Bodi yako nzima. CHA_FAN1 iko DC, yaani bodi inaiendesha feni kwa kuipunguzia volti, na asilimia 20 ya volti 12 ni volti 2.4. Feni kama hizo nyingi haziamki mpaka zipate volti 5 hivi, nyingine zinataka zaidi. Kule kutikisika ndiko kujaribu kuamka. Na kuanza kutoka imesimama ni kazi kubwa kuliko kuendelea, ndiyo maana umeisukuma ikajikokota. Ingekuwa soketi imekufa isingetikisika hata kidogo.

Ya nyuma sasa. Iko PWM, na huko bodi inaachia volti 12 zote muda wote, inategemea kuzungumza na feni kwa ile pini ya nne. Yako haisikii, basi inakimbia mwendo wake wote. Feni ni za aina moja, mbili zina njaa, moja imevimbiwa.

Na hiyo Source ndiyo iliyonichekesha. Bodi inapima joto lake yenyewe, labda nyuzi 38, inaona hali shwari wakati prosesa inaungua. Weka zote DC, Source iwe CPU, Min Duty anzia 60%, hiyo ni volti 7.2. Ukitaka utulivu shusha kidogo kidogo, lakini kila ukishusha zima kabisa uwashe upya. Feni inayozunguka hukudanganya, inaweza kuendelea kwa volti ambazo haiwezi kuanzia.

DogoChake

Si nilisema? Za pini nne zingepata 12 zote wala pasingekuwa na uzi huu.

WayaMwekundu

Nusu umepata Dogo. Zingepata kama soketi iko PWM. Hii imewekwa DC, ungemtia gharama ya mara ya tatu zikamgomea vile vile.

Mzee_wa_Soda

Nyinyi mmeiruka ile tarehe ya 2019. Betri ya bodi imekwisha, ile duara CR2032. Ukizima ukutani bodi inasahau saa na mpangilio wa feni pia. Dukani pengine walipandisha spidi ndani ya BIOS wakapiga video, mashine ikachomolewa, ikavuka bahari, ikarudi ilivyozaliwa. Hata ukirekebisha leo, kesho utarudi humu unalia.

KarafuuKavu

Kwa hiyo walijua!

Mzee_wa_Soda

Sijasema walijua. Inawezekana aliyeirekodi si yule anayekujibu simu. Ila fundi wa kuuza feni bila kuuliza BIOS, mie simpi hata redio.

KarafuuKavu

Haya, nimenunua betri kwa muuza saa hapa sokoni, nikabadilisha mashine ikiwa imechomolewa, nikaweka alivyosema Waya. Za mbele zote mbili zinazunguka! Ya nyuma imetulia. Nimetoa video ya harusi nzima, prosesa haikupita 82. Asubuhi nimewasha, tarehe ni ya leo.

Jambo moja: kwenye skrini naona mizunguko ya feni moja tu ya mbele, ingawa kwa macho zinakwenda mbili.

WayaMwekundu

Sawa hiyo. Waya wa kugawa unapeleka umeme kwa zote, lakini hesabu ya mizunguko inatoka kwa moja tu. Ila ujue, ile isiyoonekana ikifa siku moja BIOS haitakwambia.

KarafuuKavu

Nimewapigia duka nidai 40,000 yangu. Eti feni zikishafungwa hazirudi. Nikamtajia betri na asilimia 20, akasema mtandao umekata, akakata. Nimebaki na feni mbili za zamani, nzima, hazina kazi.

MamaStudio

Zinaweza kuingia kwenye laptopu?