MREJESHO: Barua ya kuomba radhi kwa mgeni Mfaransa

Niliuliza: "Mgeni wangu Mfaransa kalala bila kiyoyozi jenereta ilipozima, barua ya Kifaransa naianzaje na kuifungaje?"

Wakuu, barua imeenda na yule mama mgeni kajibu. Mwanzo nimeweka "Madame," peke yake, jina lake likabaki kwenye anwani tu maana kuandika "Madame" na jina la ukoo kwenye salamu Wafaransa wengi wanaona si adabu. Kuomba radhi nikaandika "Je vous prie de bien vouloir nous excuser", ile "je m'excuse" nikaiacha kwa sababu wanaojali lugha wanaisikia kama unajisamehe mwenyewe. Halafu moja kwa moja kilichotokea, jenereta imezima usiku na huku Paje joto mnalijua, na hela ya usiku ule tunarudisha kwenye kadi yake, bila stori za kulaumu umeme. Kufunga ndo kurefu balaa, "Je vous prie d'agréer, Madame, mes salutations distinguées", na hiyo Madame lazima ifanane na ya juu. Kajibu kwa upole tu, anauliza hela itaingia lini, mhasibu ashaanza kuishughulikia.