Naomba ushauri: insha ya mtoto, niipambe hadi wapi?

BabaWaLikoni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Kijana wangu yuko gredi ya 5. Fikra anazo, lakini msamiati hana, kila kitu ni "sana". Nataka kuiandika upya insha yake kwa Kiswahili kizito kidogo, ibaki yake. Nifanyeje?

KisauniFinest: Mpe tamathali thelathini azikariri, kaka. Enzi za KCPE insha ilikuwa alama 40, na msamiati ulikuwa na alama zake. Sisi tuliingia na "furaha riboribo" mfukoni.

Mwl_Mstaafu: Alama za msamiati zilikuwepo, ni kweli. Lakini ukisahihisha rundo zima lenye riboribo ileile, mwisho huoni mtoto, waona kituo cha tuisheni. BabaWaLikoni, weka aya moja kama alivyoiandika.

BabaWaLikoni: Haya: "Tulienda feri na mama. Watu walikuwa wengi sana. Mama alinishika mkono sana. Kulikuwa na mtu ana mbuzi. Feri ilipiga honi kubwa sana mbuzi akakojoa. Mimi sikukojoa."

BiMkubwa_Kibokoni: 😂😂 Wangu aliandika baba yake hukoroma kama matatu ya Changamwe, nikaitwa shule. Tena hawa walimu wa siku hizi...

Mwl_Mstaafu: Bi mkubwa, hiyo ifungulie uzi wake. BabaWaLikoni, wewe uliiandikaje?

BabaWaLikoni: Nilijaribu tu.

Mwl_Mstaafu: Iweke.

BabaWaLikoni: "Umati ulifurika furifuri mithili ya siafu. Mama mzazi alinikumbatia kwa mapenzi ghaya. Honi ilipohanikiza, nilijawa na bashasha." Mbuzi nilimtoa, si adabu. Sasa, ukweli ni kuwa alishainakili kwa mwandiko wake akaipeleka. Mwalimu ameipenda, ataka aisome Ijumaa mbele ya wazazi. Juzi akamuuliza "kuhanikiza" ni nini, mtoto akanyamaza. Ameambiwa alete nakala nyingine kesho. Lakini mzazi gani hamsaidii mwanawe?

KisauniFinest: Ahaa! Kumbe ndiyo hiyo.

Mwl_Mstaafu: Kusaidia si tatizo. Mtoto aliogopa, wewe ukaandika bashasha. Hapo hukubadilisha maneno, umebadilisha kisa. Anza kwa kupigia mstari sentensi ambazo ni yeye tu angeziandika. Hapa ni "mbuzi akakojoa" na "Mimi sikukojoa", na hizo usiziguse. Kisha tafuta palipo dhaifu: "sana" tatu. Usizitolee kamusi, muulize yeye. Watu walikuwa wengi hata ukaona nini? Mama alikushikaje? Akikujibu, andika jibu lake, ndipo umpe kitenzi kimoja kinacholingana nalo. Neno jipya alitumie papo hapo kwa mdomo katika sentensi nyingine. Likimshinda, litoe. Kwa aya kama hii mawili yatosha. Na sentensi fupi ziache fupi, ndivyo anavyopumua.

Mtongwe_254: Samahani wakuu, huu uzi umetungwa. Mtoto wa gredi ya 5 aandike "Mimi sikukojoa" halafu akome hapo? Huyo ni mtu mzima anatafuta kusifiwa. Tena mbuzi kwenye feri na abiria wa miguu? Navuka kila siku, sijamwona.

BiMkubwa_Kibokoni: Mimi nimewaona, karibu na Idi. Na kuku vilevile.

KisauniFinest: Labda BabaWaLikoni ndiye mwalimu mwenyewe, anatufanyisha kazi ya darasa 😂

BabaWaLikoni: Wallahi si uzushi. Mtongwe, ningekuwa najua kutunga hivyo ningeomba ushauri wa nini?

Mtongwe_254: Hilo nalo neno. Lakini bado nina shaka na mbuzi.

BabaWaLikoni: Mwalimu, nimemuuliza. Watu? Asema aliona migongo tu. Mkono? Vidole viliuma. Tumefika hapa: "Tulivuka feri na mama. Watu walisongamana, nikaona migongo tu. Mama alinibana mkono hadi vidole vikauma. Kulikuwa na mtu ana mbuzi." "Kusongamana" nilimpa mimi, papo hapo akasema nguo zimesongamana kabatini. Je, lipite?

Mwl_Mstaafu: Lipite. Nguo kabatini hukumfundisha wewe. Na "honi kubwa sana"?

BabaWaLikoni: Asema ilimwingia tumboni. Nikataka kuweka "ilirindima", akaikataa.

Mwl_Mstaafu: Basi iandike kama alivyosema. Na mwalimu wake umwambie ile ya kwanza ilikuwa kalamu yako.

BabaWaLikoni: Hilo tutaona. Mamake asema "akakojoa" mbele ya wazazi ni aibu, tuweke "akajisaidia".

KisauniFinest: Mama yuko sawa hapo.

Mwl_Mstaafu: Sidhani, ila mwenye insha yupo hapo nyumbani.

BabaWaLikoni: Amekataa. Asema mbuzi hajisaidii, mbuzi hukojoa. Mamake amenuna, mtoto ananakili: "Honi ikalia, ikaniingia tumboni. Mbuzi akakojoa. Mimi sikukojoa."